Ugomvi au uonevu? Jinsi ya kutofautisha, na njia ipi ya shule nzima uchague

Saa 11 na nusu alfajiri, mabombani kwenye shule ya bweni. Wavulana wawili wa kidato cha pili wanasukumana, kila mmoja anadai ndoo yake ndiyo iliyotangulia kwenye foleni. Maji yamemwagika, shati la mmoja limechanika, wote wanapiga kelele. Hatua chache kutoka hapo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajaza ndoo ya lita 20, anaibeba hadi bweni la kidato cha tatu, anarudi na ndoo tupu, anajaza ya pili, kisha ya tatu. Hapa hakuna kelele. Mwalimu wa zamu akipita atawakamata wale wawili, na huyu wa ndoo atamwona kijana mchapakazi.

Wale wawili wana ugomvi. Huyu wa ndoo anaonewa. Shule nyingi hushughulikia hali hizi mbili kwa njia moja: waite wote ofisini, wasikilize, wapatanishe au wachape wote. Kwa ugomvi, kupatanisha kunafaa. Kwa uonevu, kupatanisha kunaweza kumuumiza zaidi yule ambaye tayari ameumia. Ndiyo maana kutofautisha kunatangulia kuchagua mpango wowote wa kuzuia.

Ugomvi upo vipi, uonevu upo vipi

Vigezo vinavyotumika zaidi duniani vinatokana na kazi ya Dan Olweus, mwanasaikolojia kutoka Sweden aliyefanya utafiti wake mwingi Norway kuanzia miaka ya 1970. Ni vitatu: tendo la kuumiza linafanywa kwa kukusudia, linarudiwarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na anayemtenda, kiasi kwamba hawezi kujitetea kwa urahisi. Ugomvi unaweza kuwa mkali kuliko uonevu, hata damu ikatoka, lakini pande mbili zina nguvu zinazokaribiana, kila upande una dai lake, na jambo likiisha huwa limeisha.

Kigezo kinachowapiga chenga walimu ni cha nguvu, kwa sababu wengi hutazama miili. Mvulana mkubwa anaweza kuonewa na wadogo wanne. Nguvu shuleni inatokana na kidato, na ukiranja, na kuwa na kundi, na kuwa na hela ya kantini, na kuzungumza kama wenyeji wa mji ule. Mwenye kigugumizi au ulemavu anaweza kuwa na misuli ya kutosha na bado akakosa la kufanya darasa zima linapomwigiza. Swali linalosaidia ni hili: kama huyu angeamua kesho kusema "sitaki", ingetokea nini? Kwa wale wawili wa mabombani jibu ni kwamba wangesukumana tena. Kwa yule wa ndoo, angelala na godoro lililolowa.

Kigezo cha kurudiwa nacho kina mtego wake. Picha ya mwanafunzi akiwa bafuni ikitumwa mara moja kwenye kundi la WhatsApp, tendo ni moja, lakini linarudiwa kila mtu anapoifungua na kuisambaza. Usisubiri mara ya pili.

Kisha kuna utani, na hapa waonevu ndipo wanapojificha. "Mwalimu, tulikuwa tunataniana tu." Sisi tuna bahati ya kuwa na kipimo chetu cha zamani. Mtani ana haki ya kurudisha. Anakutania wewe leo, kesho unamtania yeye, na wote mnajua mipaka. Utani unaokwenda upande mmoja tu, ambao mlengwa akiujibu anapigwa au anatengwa, si utani kwa kipimo chochote cha wazee. Basi usiwaulize waliokuwa wakicheka. Muulize mlengwa, akiwa peke yake: "Wewe huwa unamwambiaje akikutania?" Akinyamaza, umepata jibu.

Kosa linalofanyika mara nyingi zaidi kuliko yote ni kuhukumu kwa ngumi ya mwisho. Mtoto anaonewa wiki sita, kimya kimya, siku moja anashika jiwe. Mwalimu anaona jiwe. Kwenye daftari la nidhamu panaandikwa "ugomvi", au mbaya zaidi, aliyeonewa ndiye anayesimamishwa masomo. Kinga yake ni swali moja la kuuliza kila tukio, kwa kila upande peke yake: "Wiki iliyopita kati yenu kulikuwa na nini? Na mwezi uliopita?" Ugomvi una mwanzo unaotajika: ndoo, kalamu, msichana, mpira. Uonevu ukiuliza ulianzaje, mara nyingi hakuna anayekumbuka, ulishakuwa desturi.

Kupatanisha au kusimamisha

Kwenye ugomvi, kaa na pande zote mbili pamoja, kila mmoja aeleze dai lake bila kukatizwa, wakubaliane, wapeane mikono. Dakika 20 zinatosha, na kiranja aliyefundishwa vizuri anaweza kuusimamia upatanishi wa namna hii.

Ukifanya vivyo hivyo kwenye uonevu, unamweka mtoto mwenye hofu mbele ya anayemtisha, unamwomba aseme ukweli huku yule mwingine akimtazama, kisha unataka wote "walegeze kidogo". Wa ndoo alegeze nini? Achote ndoo mbili badala ya tatu? Mapitio makubwa ya tafiti yaliyofanywa na Maria Ttofi na David Farrington, yaliyochapishwa 2011, yalikuta kwamba mipango iliyotegemea wanafunzi kupatanisha au kusimamia wenzao ilihusiana na ongezeko la wanaoonewa. Yaliyohusiana na kupungua ni uangalizi wa watu wazima wakati wa mapumziko, mikutano na wazazi, nidhamu thabiti, na mpango kuendeshwa kwa muda mrefu bila kulegea.

Hatua za kusimamisha tunazozipendekeza ni zile za mpango wa KiVa wa Finland, kwa sababu zimeandikwa kwa utaratibu ambao mwalimu yeyote anaweza kuufuata. Shule inakuwa na timu ya walimu watatu wa kudumu. Tuchukue kisa cha ndoo.

Kwanza, kabla hajaitwa mtu, mwalimu wa zamu anakaa mabombani asubuhi mbili mfululizo na kuandika alichokiona: nani, ndoo ngapi, bweni gani. Hili ni letu, halimo kwenye mwongozo wa Finland, lakini kwenye bweni ni la lazima. Taarifa ikitoka kwenye jicho la mwalimu, hakuna atakayesema mtoto ameshitaki.

Pili, mmoja wa timu anazungumza na aliyeonewa, faragha na mapema, asiitwe mstarini mbele ya watu. "Mwanangu, nimekuona mabombani jana na juzi. Hujafanya kosa. Niambie tangu lini." Anaelezwa kitakachofuata na siku gani. Asiahidiwe kwamba itakuwa siri kabisa. Aahidiwe kwamba hatatajwa kama chanzo.

Tatu, walimu wawili wanakutana na waonevu, mmoja mmoja, mfululizo, siku ileile, bila kuwapa nafasi ya kupanga maneno. Mazungumzo ni mafupi: "Tumeona ndoo tatu kila asubuhi. Hilo linakoma leo. Kesho alfajiri wewe utafanya nini?" Anasema mwenyewe atakalofanya, linaandikwa. Hakuna kubishana nani alianza. Wakishapita wote, wanakaa pamoja, kila mmoja anarudia aliloahidi mbele ya wenzake.

Nne, mwalimu wa darasa anawaomba wanafunzi wawili hadi wanne wenye heshima darasani wawe karibu na aliyeonewa: wakae naye bwaloni, waende naye mabombani. Tano, baada ya wiki moja au mbili timu inakutana tena na aliyeonewa kwanza, kisha na waonevu. Hatua hii ndiyo shule nyingi huiruka, na uonevu unarudi pale pale, safari hii kwa siri zaidi.

Je, wakaripiwe waziwazi kwamba tabia yao haikubaliki, au waombwe kusaidia mwenzao aliye kwenye shida bila kulaumiwa? Finland ilizijaribu njia zote mbili. Katika utafiti wa kesi 339, takribani 78 kati ya kila 100 walioonewa walisema uonevu ulikoma, na kwa ujumla hakuna njia iliyoishinda nyingine. Kwa hiyo timu itumie ile inayoiweza, lakini isizichanganye katika kikao kimoja.

Fimbo haimo katika hatua hizi. Kenya imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Tanzania kanuni bado zinairuhusu kwa mipaka, visizidi viboko 4 na kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Hata pale inaporuhusiwa, anayechapwa kwa kuonea hujua aliyesababisha, na bweni usiku halina mwalimu.

Mipango mitatu, kila mmoja na unapoanzia

Kushughulikia kesi moja moja hakutoshi pale uonevu unapokuwa desturi ya shule, kama ilivyo kwa kidato cha kwanza, "njuka" Tanzania au "mono" Kenya. Hapo shule nzima ndiyo inayobadilishwa. Tumechagua mipango mitatu iliyopimwa kwa utafiti.

| | Olweus (Norway) | KiVa (Finland) | Shule Njema (Uganda) |
|---|---|---|---|
| Huanzia kwa | uangalizi na kanuni | wanafunzi watazamaji | walimu na adhabu |
| Chombo kikuu | dodoso, zamu, vikao vya darasa | masomo ya mwaka mzima, timu ya walimu 3 | hatua 6 za kubadili utamaduni wa shule |
| Panapofaa zaidi | shule kubwa, bweni | msingi, hasa madarasa ya chini na ya kati | shule ambako fimbo ndiyo lugha |
| Hukwama | walimu wasipokuwepo kwenye zamu | sekondari, na darasa la watoto 90 | mkuu wa shule asipokuwa mbele |

Mpango wa Olweus ulizaliwa baada ya Norway kushtushwa na vifo vya wavulana watatu waliojiua mwishoni mwa 1982, na kampeni ya kitaifa ikaanza 1983. Ulipimwa Bergen kwa wanafunzi wapatao 2,500 wa shule 42, na uonevu ulioripotiwa ulipungua kwa takribani nusu. Kwingineko matokeo yamekuwa madogo zaidi, kwa hiyo usiingoje nusu hiyo. Nguvu yake ni kwamba hautegemei vifaa. Unahitaji kamati, siku moja ya walimu wote kusoma takwimu zao wenyewe, ramani ya maeneo hatari, na kanuni nne zinazobandikwa kila darasa: hatutawaonea wengine, tutajaribu kuwasaidia wanaoonewa, tutawajumuisha wanaoachwa peke yao, na tukijua mtu anaonewa tutamwambia mtu mzima shuleni na nyumbani. Kanuni hizo hujadiliwa kwenye kikao cha darasa cha kila wiki, kwa visa vya wiki hiyo.

KiVa, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Turku chini ya Christina Salmivalli kuanzia 2006, unaanzia kwingine kabisa. Hoja yake ni kwamba mwonevu anatafuta cheo mbele ya wenzake, na wenzake ndio wanaompa. Kuna wanaomsaidia, kuna washabiki wanaocheka, kuna wanaopita kana kwamba hawaoni, na kuna wachache wanaotetea. Watafiti wa Toronto waliorekodi viwanja vya shule kwa kamera walikuta wanafunzi wengine wapo katika asilimia 88 ya matukio, wakaingilia katika asilimia 19 tu; lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo KiVa hufundisha watazamaji, kwa masomo 10 ya vipindi viwili viwili kwa mwaka, na walimu wa zamu huvaa vizibao vinavyong'aa ili waonekane kutoka mbali. Kasoro yake kwetu ni mbili: vifaa vyake vinahitaji leseni, na hata Finland matokeo yalikuwa mazuri zaidi msingi kuliko darasa la 7 hadi la 9. Kijana wa miaka 15 akimtetea mwenzake analipa gharama kubwa kuliko mtoto wa miaka 10.

Shule Njema, wa shirika la Raising Voices la Kampala, haukulenga uonevu wa wanafunzi moja kwa moja. Ulilenga walimu. Ulijaribiwa wilaya ya Luwero katika shule 42 za msingi kwa miezi 18. Mwishoni, asilimia 31 ya wanafunzi wa shule zilizotumia mpango walisema wamepigwa na mfanyakazi wa shule wiki iliyopita, dhidi ya asilimia 49 kwenye shule nyingine. Tumeuweka kwenye ulinganisho huu kwa sababu unashughulikia mzizi ambao mipango ya Ulaya haikuukuta. Pale kiranja anapopewa fimbo na mwalimu, uonevu una muhuri wa ofisi. Hakuna somo la kutetea wanyonge litakaloshika.

Kwa jumla, mapitio ya tafiti 100 yaliyochapishwa 2019 yalikuta mipango ya namna hii hupunguza wanaoonea kwa takribani asilimia 19 hadi 20, na wanaoonewa kwa asilimia 15 hadi 16. Huo ndio ukubwa wa kutarajia.

Uchague upi

Kama shule yako ni ya msingi ya kutwa, madarasa si makubwa mno, na walimu wameshaacha au wamepunguza sana fimbo, anza na mawazo ya KiVa: masomo ya watazamaji na timu ya watatu. Kama ni bweni la sekondari, anza na Olweus, kwa sababu tatizo la bweni ni saa ambazo hakuna mtu mzima: alfajiri mabombani, foleni ya bwalo, na muda kati ya prepo na kuzimwa taa. Na kama viranja wanachapa au wanatoa kazi za adhabu, vyote hivyo visubiri. Waondolewe mamlaka hayo kwanza, kwa tangazo la mkuu wa shule mstarini, na mwalimu wa nidhamu aache kuwatuma. Sisi tungetumia muhula mzima kwa hilo peke yake.

Vyovyote utakavyochagua, dodoso linatangulia, na hapa Kiswahili chenyewe kinaleta shida. "Nimeonewa" kwa wanafunzi wengi ni kunyimwa haki kwa aina yoyote, hata kupewa alama chache. Ukiuliza "umewahi kuonewa?" karibu wote watasema ndiyo. Juu ya karatasi weka maelezo mafupi: wenzako wanakuumiza, kukutisha, kukutumikisha, kukutukana au kukutenga, tena na tena, na ni vigumu kujitetea; wawili wenye nguvu sawa wakipigana, hatuhesabu kuwa ni uonevu. Kisha uliza kwa muhula huu tu: haijatokea, mara moja au mbili, mara 2 au 3 kwa mwezi, mara moja kwa wiki, zaidi ya hapo. Wanaohesabiwa ni wa kuanzia mara 2 au 3 kwa mwezi. Ongeza umbo la uonevu, mahali, kidato cha anayefanya, na kama umemwambia mtu mzima. Maswali matano yanatosha.

Majina yasiandikwe. Kalamu za rangi moja kwa wote, karatasi ikunjwe, mwalimu asiyefundisha darasa hilo azikusanye mwenyewe. Kiranja akikusanya, data yako haina maana. Pia panga mapema mtoto anayehitaji msaada atapelekwa wapi: mwalimu wa malezi, ustawi wa jamii, au simu 116, ya bure Tanzania na Kenya. Luwero, watoto 434 walilazimika kupelekwa kwenye huduma za ulinzi kwa waliyoyasema kwenye mahojiano.

Mfano wa kusoma majibu. Karatasi halali 360. Waliofikia kiwango ni 54, yaani asilimia 15, na mkuu wa shule anaweza kuridhika. Zigawe kwa kidato: kidato cha kwanza 31 kati ya 100, vidato vingine 23 kati ya 260, chini ya asilimia 9. Kati ya wale 31, 19 wameweka alama "mabombani au bafuni", na 24 hawajamwambia mtu. Sasa unajua la kufanya: mwalimu mabombani saa 11 hadi 12 alfajiri kila siku, foleni tofauti kwa kidato cha kwanza, na patroni bwenini baada ya prepo. Mabango hayakuhitajika.

Rudia dodoso baada ya mwaka, mwezi uleule. Usilinganishe kidato cha kwanza cha mwaka huu na haohao wakiwa kidato cha pili, kwa kuwa uonevu hupungua wenyewe mtoto akipanda darasa, na utajipongeza kwa kazi ya umri. Linganisha kidato cha kwanza cha sasa na kidato cha kwanza kijacho. Bergen nako walifanya hivyo. Kabla ya hapo, daftari la malezi linaweza kuonyesha kesi nyingi zaidi, kwa sababu wameanza kusema. Liamini dodoso kuliko daftari. Na tazama jibu la mahali: mabombani pakishuka na bwaloni pakipanda, uonevu umehama, na ratiba ya zamu nayo ihame.